Kuacha punguzo la asilimia 2 ni kukopa kwa riba ya asilimia 37

WENYE maduka ya pembejeo wengi hulalamika kuwa riba ya benki inawaumiza. Taarifa za Benki Kuu ya Tanzania zimeonyesha kuwa katika miaka ya 2023 na 2024 wastani wa riba za mikopo ya mabenki ulikuwa karibu asilimia 15 hadi 16 kwa mwaka, na mfanyabiashara mdogo kwa kawaida hutozwa zaidi ya hapo. Hata hivyo, wapo wanaokwepa mkopo wa asilimia 18 huku wakiwa tayari wamekopa kwa asilimia 37 bila kujua. Mkopo huo umo ndani ya ankara ya mali kauli.

Msambazaji anayetoa mzigo kwa mali kauli mara nyingi huandika masharti ya malipo chini ya ankara. Moja ya sharti linalojulikana sana katika biashara huandikwa 2/10, net 30. Maana yake ni kwamba mnunuzi akilipa ndani ya siku 10 anapunguziwa asilimia 2. Asipolipa katika siku hizo, anatakiwa kulipa deni lote kabla ya siku 30 kwisha.

Chukua mfano wa duka la mbegu na dawa za mimea mjini Makambako, ambalo hununua mzigo mkubwa kuanzia Novemba mvua zinapokaribia. Ankara ni ya shilingi 5,000,000. Likilipa ndani ya siku 10, linatoa shilingi 4,900,000. Likilipa siku ya 30, linatoa 5,000,000.

Bei halisi ya mzigo huo, basi, ni 4,900,000. Ile 100,000 ya ziada ni ada ya kukaa na fedha za msambazaji kwa siku 20 zaidi, tangu siku ya 10 hadi ya 30. Siku 10 za mwanzo hazihesabiwi kwa sababu mnunuzi amepewa bure.

Hesabu yenyewe ina hatua mbili. Kwanza gawanya 100,000 kwa 4,900,000, upate asilimia 2.04. Usigawanye kwa 5,000,000, kwa kuwa fedha iliyokopwa hasa ni 4,900,000. Pili, zidisha kwa 365 kisha gawanya kwa 20, yaani siku za mkopo. Jibu ni asilimia 37.2 kwa mwaka.

Tarehe ya kulipa hubadili kila kitu

Hesabu hiyo inamhusu anayelipa siku ya 30 hasa. Madukani mambo huwa tofauti, ndiyo maana ni lazima daftari la malipo liwekwe pembeni mwa ankara. Tuseme duka hilo lilipokea ankara tatu, kila moja ya shilingi 5,000,000, na zote likakosa punguzo.

Ankara ya Novemba 3 ililipwa Novemba 17, siku ya 14. Punguzo lilikuwa limekwisha Novemba 13, kwa hiyo duka lilinunua siku nne tu kwa shilingi 100,000. Kwa mwaka hiyo ni riba ya asilimia 186. Ankara ya Novemba 20 ililipwa Desemba 20, siku ya 30, na gharama yake ni ile asilimia 37. Ya tatu, ya Desemba 8, ilitakiwa kulipwa Januari 7 lakini ikalipwa Januari 29, siku ya 52. Hapo duka lilikaa na fedha siku 42 baada ya punguzo kwisha, na riba ikashuka hadi karibu asilimia 18.

Mwenye duka akijumlisha asilimia hizo tatu na kugawanya kwa tatu atapata 80, nalo ni jibu la kupotosha. Njia sahihi ni kujumlisha siku. Nne, 20 na 42 ni siku 66, wastani wa siku 22 kwa ankara. Ukirudia hesabu kwa siku 22, gharama ya msimu mzima ni karibu asilimia 34 kwa mwaka, na kwa fedha taslimu ni shilingi 300,000.

Somo la kwanza hapa ni kwamba anayelipa siku ya 14 ndiye anayepoteza kuliko wote. Kama siku ya 10 imempita, punguzo halirudi, na hana faida ya kuwahi. Angekaa na fedha yake hadi siku ya 30, akaitumia kuzungusha biashara.

Somo la pili ni kutodanganywa na ile asilimia 18 ya ankara ya tatu. Unafuu huo upo tu iwapo msambazaji hakutoza faini ya kuchelewa. Tena mdaiwa sugu hunyimwa mali kauli au huwekwa mwisho wa foleni mbegu inapoadimika. Hasara hiyo haiandikwi kwenye ankara, lakini mkulima akikosa mbegu dukani huenda kwa jirani.

Je, akope benki ili awahi?

Kwa riba ya asilimia 18, kukopa shilingi 4,900,000 kwa siku 20 kunagharimu karibu shilingi 48,300. Punguzo ni 100,000, kwa hiyo duka linabakiwa na takriban 51,700. Lakini benki ikitoza pia ada ya asilimia 1 ya kuandaa mkopo, hiyo ni 49,000 nyingine, na faida inabaki shilingi 2,700 tu. Kwa taasisi inayotoza asilimia 3 kwa mwezi na kudai riba ya mwezi mzima hata mkopo ukirudishwa mapema, gharama ni 147,000. Huko ni kupata hasara ya 47,000.

Kwa hiyo mkopo wa kufukuzia punguzo unafaa pale ambapo riba hutozwa kwa siku zilizotumika na ada haijirudii kila ankara. Njia nyepesi zaidi ni kutenga mauzo ya siku 10 za mwanzo kwa ajili ya ankara, badala ya kuyaingiza yote kwenye mzigo mwingine. Aidha, inafaa kumuuliza msambazaji kama anakubali punguzo kwa malipo ya sehemu ya deni.

Jambo jingine linalowaponza wengi ni kuhesabu siku kuanzia mzigo ulipofika. Ankara nyingi huhesabu tangu tarehe iliyoandikwa juu yake. Mzigo ukichukua siku nne njiani, zinabaki sita. Vilevile, malipo huhesabiwa fedha inapoingia kwenye akaunti ya msambazaji, si siku hundi ilipoandikwa.

Mkulima naye anaweza kutumia hesabu hiyo hiyo. Dawa ikiuzwa shilingi 50,000 taslimu, au 60,000 kwa kulipa baada ya mavuno, siku 210 baadaye, ile 10,000 ni asilimia 20 ya bei taslimu. Zidisha kwa 365, gawanya kwa 210, na riba yake ni karibu asilimia 35 kwa mwaka. Akipata mkopo wa chama chake wa akiba na mikopo kwa riba iliyo chini ya hapo, ni afadhali akope huko na kununua dawa kwa fedha taslimu.