Saruji Ikipanda, Namba Zote Husogea

Toleo hili linahusu miradi midogo inayokopa fedha nyingi kwa makadirio ya mauzo. Nimechagua kuanza na kiwanda cha tofali, kwa kuwa huku Segerea na jirani zake Kinyerezi na Bonyokwa ujenzi haujakoma, na kila mwenye kiwanja kikubwa anawaza kununua mashine. Namba nitakazotumia ni za mfano, lakini hesabu ni ileile anayopaswa kuifanya mwenye mradi.

Mashine, zege la kuanikia na kirikuu vinagharimu shilingi milioni 60. Mwenye mradi anakadiria kuuza tofali 100,000 kwa mwaka, kila moja shilingi 1,500. Saruji, mchanga, vibarua na usafiri ni shilingi 1,100 kwa tofali. Pango, mlinzi na gharama nyingine zisizobadilika ni milioni 14 kwa mwaka, kwa hiyo kila mwaka zinabaki milioni 26. Kwa riba ya asilimia 18, fedha hizo za miaka 5 zina thamani ya leo ya takriban milioni 81.3. Ukitoa mtaji, faida ni milioni 21.3. Mradi unavutia.

Swali la kwanza ni hili: kila kadirio linaweza kukosea kiasi gani kabla faida hiyo haijaisha? Mauzo yanaweza kushuka hadi tofali 83,000 hivi, yaani asilimia 17. Bei haina nafasi hiyo. Ikishuka shilingi 68 tu, chini ya asilimia 5, faida yote imekwenda. Riba, ambayo ndiyo watu hubishania benki, ingelazimika kukaribia asilimia 33. Hapo tayari tumejifunza jambo: mwenye mradi anahangaikia wateja wangapi atapata, wakati hatari kubwa zaidi iko kwenye shilingi chache za kila tofali.

Lakini upimaji huu wa kitu kimoja kimoja una kasoro, na ndiyo sababu ya mimi kuandika. Unadhani vingine vyote vimetulia. Tuseme mauzo yameshuka hadi 85,000 peke yake: mradi bado una faida ya milioni 2.5. Bei imeshuka hadi 1,450 peke yake: bado milioni 5.7. Gharama imepanda hadi 1,120 peke yake: milioni 15. Majaribio matatu, na yote yamepita. Sasa yaweke pamoja. Kinachobaki kwa mwaka ni milioni 14 tu, na mradi unapoteza milioni 16.

Je, yanaweza kutokea pamoja? Mwishoni mwa 2020 saruji iliadimika na bei ikapanda nchini, hata Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaingilia kati. Tazama kinachofuata saruji ikipanda. Mfuko mmoja ukitoa tofali 30, ongezeko la shilingi 600 kwa mfuko ni shilingi 20 kwa tofali. Familia inayojenga kidogo kidogo inaahirisha ukuta hadi mwakani. Tofali zinalala uwanjani, jirani anapunguza bei ili apate fedha ya mishahara, nawe unamfuata. Sababu ni moja, nayo imesogeza namba zote tatu.

Ndiyo maana hali mbaya isitungwe kwa kupunguza asilimia 10 kila mahali. Ianze na tukio linaloweza kutokea mtaani, kisha kila namba ifuate tukio hilo. Vivyo hivyo kwa hali nzuri: wajenzi wakiongezeka, mauzo 110,000 kwa bei ya 1,530 yanaleta faida ya takriban milioni 44. Na makadirio ya mauzo yasitoke kwa mafundi wanaoahidi kununua. Fundi hakosi kukubali. Yatoke kwenye daftari la mauzo la mtu ambaye tayari anauza eneo hilo, miezi ya masika ikiwemo.

Wapo watakaosema tupige wastani wa hali hizo, nao utatoka chanya. Wastani haulipi rejesho. Mkopo wa milioni 60 wa miaka 5 kwa asilimia 18 unadai milioni 19.2 kila mwaka, na hali mbaya inatoa milioni 14 tu. Pengo ni zaidi ya milioni 5 kwa mwaka, na aliyeweka nyumba rehani ndiye atakayelipa.

Hukumu yangu kwa namba hizi: usikope zote 60. Tafuta mbia au akiba ya milioni 20, kopa 40, na rejesho litakuwa milioni 12.8. Katika hali mbaya mtaji bado utaliwa, na mbia aambiwe hivyo kabla hajatia saini. Ila benki italipwa, na nyumba itabaki.