Shati Jeupe Lililo Mbali

Tuseme mtu amebisha hodi nyumbani kwako jioni, amekaribishwa kiti, na baada ya kunywa maji anaeleza kwamba anaweza kumpatia mwanao kazi katika kampuni kubwa, ila ipo gharama ya makaratasi ambayo lazima ilipwe mapema. Ukisita, anatoa simu mfukoni na kukuonyesha picha. Ni yeye huyo huyo, ameketi kwenye karamu ya usiku bega kwa bega na mkurugenzi wa kampuni, wote wawili wakitabasamu. Mzazi gani hatalegea?

Kabla hujafungua mkoba, iombe picha hiyo uitazame kwa makini. Usishughulike na nyuso, maana nyuso zote zaweza kuwa za kweli. Tazama mwanga.

Picha ya usiku uwanjani hupata mwanga wake kutoka kwenye flashi, yaani ile taa inayomulika mara moja kamera inapobonyezwa. Taa hiyo ni ndogo, na mwanga wake hutawanyika kadiri unavyokwenda mbele. Fikiria mwanga unaotosha kufunika khanga moja iliyotandazwa ukutani kwa umbali wa mita 1. Usogeze ukuta hadi mita 2, na mwanga ule ule utakuwa umetanuka mara mbili kwa upana na mara mbili kwa urefu, hivyo utafunika khanga nne. Kila khanga sasa inapata robo tu. Kwa mita 4, khanga zinakuwa kumi na sita, na kila moja inapata sehemu moja ya kumi na sita. Kanuni hii aliieleza mwanafalaki Johannes Kepler katika kitabu chake cha mwaka 1604, na hakuna kamera iliyowahi kuikwepa.

Mchana hali ni nyingine. Jua liko mbali nasi kiasi cha kilometa milioni 150, na mtu akirudi nyuma mita tano hapungukiwi na mwanga wowote unaoonekana. Hapo ndipo mghushi anapokwama. Huichukua picha yake aliyopigwa mchana kivulini, au studio mbele ya taa kubwa, akaikata na kuibandika katika karamu ya usiku. Umbo anaweza kulipunguza likalingana na majirani zake mezani. Mwanga haupungui kwa kupunguzwa umbo.

Hebu tuichunguze picha yetu ya mfano. Meza ndefu yenye kitambaa cheupe imeanzia karibu na kamera na kwenda hadi nyuma. Chukua rula. Kichwa cha mgeni wa kwanza, kutoka kidevuni hadi utosini, kina milimita 24. Kichwa cha mkurugenzi, aliye katikati ya meza, kina milimita 12. Mzee aliye mwisho wa meza ana milimita 6. Vichwa vya watu wazima havitofautiani sana kwa ukubwa, kwa hiyo nusu ya kichwa katika picha ni umbali wa mara mbili. Huna haja ya kujua mita zenyewe. Mkurugenzi yuko mbali mara mbili kuliko mgeni wa kwanza, na kwa kuwa flashi imo katika kamera yenyewe, anapata robo ya mwanga. Mzee wa mwisho anapata sehemu moja ya kumi na sita.

Usitegemee, hata hivyo, kuiona robo hiyo kama robo. Kamera huzibana tofauti za mwanga ili picha ipendeze machoni. Weupe wa nukta moja ya picha hupimwa kwa namba kutoka 0, ambayo ni nyeusi kabisa, hadi 255, ambayo ni nyeupe kabisa. Ikiwa shati jeupe la mgeni wa kwanza linasoma 230, shati jeupe la mkurugenzi halitasoma 58, bali litakuwa karibu na 120, na la mzee karibu na 65. Kwa bahati njema hesabu inakuwa nyepesi: kichwa kikiwa nusu, namba nayo inakaribia nusu. Shati lililochomwa na mwanga mpaka likafika 255 lisitumike, kwa sababu hapo kipimo kimejaa.

Sasa mtazame mgeni wako. Kichwa chake kina milimita 12, sawa na cha mkurugenzi, kwa hiyo anadai kwamba yuko umbali ule ule. Lakini shati lake jeupe linang'aa kwa 225, kama la mtu aliye karibu na kamera. Kitambaa cha meza mbele ya kifua chake kimefifia na kuwa kijivu. Shati la jirani yake limefifia. Yeye peke yake amebaki na weupe wa mchana.

Linganisha daima kitu na kitu cha aina yake: shati jeupe na shati jeupe, sahani na sahani. Ukilinganisha uso wa mtu mweupe na wa mtu mweusi, au kanzu na koti la suti, utamhukumu asiye na hatia.

Huenda mghushi akawa hodari, akampunguzia mwanga yule mtu wa kubandikwa mpaka shati lisome 120. Hapo tazama mikono. Mtu aliyeketi mita 3 kutoka kwenye flashi, akaweka mkono mezani sentimita 60 mbele ya uso wake, mkono huo uko mita 2.4, na unapata mwanga mara moja na nusu ya ule wa uso. Mkono wa mkurugenzi utaonyesha tofauti hiyo. Mtu aliyepunguzwa mwanga kwa mkupuo mmoja atakuwa sawasawa kutoka vidoleni hadi masikioni, kama sanamu iliyopakwa rangi moja.

Lakini usikimbilie kumwita mtu tapeli. Picha iliyopigwa ndani, flashi ikaelekezwa kwenye dari jeupe, ina mwanga uliosambaa zaidi, na hesabu yetu haishiki. Vivyo hivyo chini ya turubai jeupe la harusi. Simu nyingi za siku hizi huinua zenyewe sehemu zenye giza, lakini mara nyingi huziinua pamoja na vilivyo jirani. Aidha, huenda kulikuwa na taa ya mpiga video karibu na yule mtu. Hili lina njia yake ya kulijua: taa iliyommulika yeye ingemulika pia bega la jirani na kitambaa cha meza upande ule ule, na ingeacha kivuli kinachotoka kwake. Kama jirani yuko gizani na meza iko gizani, taa hiyo ilikuwa wapi?

Kuna pia wapiga picha wanaomng'arisha bibi harusi baadaye kwenye kompyuta, kwa nia njema kabisa, na matokeo yanaweza kufanana na ubandikaji. Ndiyo maana inafaa kuomba picha nyingine za karamu hiyo. Mpiga picha wa sherehe hapigi moja akaondoka. Hupiga kumi, ishirini, kutoka pande mbalimbali. Aliyekuwepo ataonekana katika nyingine, mara nyuma ya meza akiwa nusu gizani, mara karibu na kamera macho yakiwa yamefumba kwa ukali wa flashi.