Ploti ya Ganda: tangazo lisemeje?

Huenda umerithi kishamba huko Ganda, nje ya mji wa Malindi, na sasa unataka kuuza ploti moja ili ulipe karo. Ukiandika tu kwamba ploti ni nzuri na iko karibu na barabara, utapigiwa simu mchana kutwa na watu wasionunua. Tangazo lako na lijibu maswali ya mnunuzi kabla hajayauliza.

Anza na ukubwa. Watu husema "hamsini kwa mia" na kuiita thumuni ya ekari. Sivyo. Futi 50 kwa 100 ni futi mraba 5,000, ilhali thumuni ya ekari ni 5,445. Isitoshe, hatimiliki husema kwa hekta. Ikiwa yako imeandikwa hekta 0.045, hiyo ni mita mraba 450, yaani kama futi mraba 4,844. Andika ile ya hatimiliki, kwani ndiyo mnunuzi atakayoiona akifanya upekuzi katika ofisi ya ardhi.

Kisha mipaka. Taja pande zote nne, na useme kama mawe ya mpaka yangalipo. Ramani ya msajili kwa kawaida huonyesha mpaka kwa makadirio tu. Jiwe likiwa limeng'olewa wakati wa kulima, mwite mpimaji mwenye leseni alirudishe kabla ya kutangaza.

Hapa Pwani kuna jambo jingine. Ardhi yaweza kuwa ya mtu mmoja, na minazi au nyumba iliyo juu yake ikawa ya mwingine. Anayenyamaza juu ya hilo humuuzia mwenziwe kesi. Minazi ikiwa ya ami yako, elewaneni kwanza.

Basi tuseme tangazo liwe hivi:

"Ploti inauzwa Ganda, Malindi. Hekta 0.045, hatimiliki kwa jina la muuzaji. Kaskazini na kusini: ploti za majirani. Mashariki: barabara ya mita 9. Magharibi: ua wa michongoma. Mawe manne yapo. Minazi mitatu imo katika bei. Hakuna nyumba wala mkaaji. Bei Sh600,000. Kuiona ni Jumamosi, saa tatu asubuhi. Piga simu kabla ya Ijumaa upewe nambari ya ploti ukafanye upekuzi."

Umeona mwisho wake? Siku, saa, na la kufanya. Mnunuzi wa kweli atafanya upekuzi kwanza, tapeli hatarudi.

Ardhi ikiwa ingali ya kilimo, usisahau idhini ya bodi ya ardhi. Maombi hupelekwa katika muda wa miezi 6 tangu mkataba, na pasipo idhini mauzo ni batili. Mwenzi wako wa ndoa naye atahitajika kukubali. Mwambie leo, si siku ya kutia sahihi.