Primu ya usiku haimfanyi mtu maskini: wanaosema hivyo wanatudanganya

Sisi vijana wa Bendera tumechoka kusikia uongo mmoja. Wengi wetu tumesoma hadi chuo kikuu, kazi hakuna, na kazi inayopatikana haraka ni ya kulinda usiku. Ukiuliza juu ya primu ya usiku na primu ya hatari, patro anakujibu kwa upole kabisa: "Mutoto yangu, nikikupatia primu utapanda ngazi ya kodi, Leta itakula mushahara yako yote. Afazali tubaki hivi." Kijana anashukuru, anarudi kwenye zamu yake na rungu na torshi, bila primu.

Hiyo ni uongo, na tutaonyesha kwa hesabu.

Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inasema kazi ya usiku ni ile inayofanywa kuanzia saa moja ya usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Sheria hiyo hiyo inahesabu primu kuwa sehemu ya malipo ya mfanyakazi. Kwa hiyo ni kweli primu ya usiku na ya hatari zinalipiwa kodi ya mshahara, yaani IPR. Hatufichi hilo. Lakini kulipiwa kodi na kuliwa yote ni mambo mawili tofauti.

Tazama bareme iliyotumika mwaka 2024. Katika mwezi, franka 162,000 za kwanza zinakatwa 3%. Zinazofuata, hadi 1,800,000, zinakatwa 15%. Juu ya hapo kuna 30%, kisha 40%, lakini huko walinzi wetu hawafiki. Jambo la kushika ni hili: kila ngazi inakata franka zilizo ndani yake tu. Ukipanda ngazi ya pili, zile 162,000 za kwanza zinabaki kukatwa 3% kama zamani. Hakuna primu inayoweza kurudi nyuma na kula mshahara wa msingi.

Tuchukue mfano. Mlinzi ana bibi na watoto wanne. Mshahara wa msingi ni 400,000. Tuseme kontra inampa 25% kwa usiku, ni 100,000, na 10% kwa hatari, ni 40,000. Jumla 540,000.

Kwanza CNSS inachukua 5%, yaani 27,000. Inabaki 513,000, na hiyo ndiyo inayolipiwa IPR. Franka 162,000 kwa 3% ni 4,860. Zinazobaki, 351,000, kwa 15% ni 52,650. Jumla 57,510. Hapo sheria inampunguzia 2% kwa kila mtu anayemlisha, hadi watu tisa. Yeye ana watano, basi 10% inatoka. IPR inakuwa 51,759. Anapeleka nyumbani 461,241.

Sasa mnyang'anye primu zote mbili. CNSS ni 20,000, IPR ni 33,804, na nyumbani zinafika 346,196.

Tofauti ni 115,045. Katika primu za 140,000, CNSS imechukua 7,000 na kodi 17,955. Zilizobaki ni za mlinzi, tena zinatosha kulipa minerval ya watoto. Patro anayesema "afazali tubaki hivi" hamwokoi mtu na kodi. Anabaki na zile 140,000 katika mfuko wake.

Kuna ujanja wa pili, na huu ni mbaya zaidi kwa sababu unajificha ndani ya buletini. Mmoja wetu alifanya kazi ya usiku miezi kadhaa, mwajiri wake hatumtaji. Primu alipewa, lakini siku ya malipo mhasibu alikata 15% kwa jumla yote, bila kuanza na 3%, bila kuhesabu familia. Kwa mlinzi wa mfano wetu, kukata hivyo ni 76,950 mahali pa 51,759. Ni 25,191 za ziada kila mwezi, zaidi ya franka 300,000 kwa mwaka. Na jiulize: hizo za ziada zimefika DGI, ao zimebaki njiani? Kuzigundua si kazi ngumu. Gawa IPR iliyoandikwa kwenye buletini kwa pesa iliyobaki baada ya CNSS. Ukipata 15% kamili wakati mshahara wako uko chini ya milioni moja, mtu amekuibia. Kwa mlinzi wetu, hesabu sahihi inatoa kama 10%.

Ujanja wa tatu unapendwa hata na sisi vijana wenyewe: primu katika anvelopu, bila saini. "Hapa hakuna kodi, kula yote." Ndiyo, leo unakula yote. Lakini siku umeanguka kwenye zamu, ao siku umezeeka, CNSS itaangalia kile kilichotangazwa. Umefanya kazi ya 540,000, karatasi inasema 400,000. Hatari ilikuwa yako kila usiku, na siku hatari imefika, primu ya hatari haionekani popote.

Hatutaacha Leta nayo bila neno. Sheria ya kodi iliyotumika mwaka 2024 iliachilia pesa ya nyumba isiyopita 30% ya mshahara. Mtu wa biro mwenye msingi wa 400,000 na familia ileile akiongezewa 120,000 ya nyumba, IPR yake inabaki 33,804, haisogei hata franka moja. Mlinzi akiongezewa 140,000 kwa kukesha na kwa hatari, kodi inapanda kwa 17,955. Tena, kwa kuwa msingi wake umekwisha kujaza ngazi ya 3%, kila franka ya primu inaanzia kwenye 15%. Anayelala kwake anaachiliwa, anayekesha anakatwa. Nani alikaa akaona hiyo ni haki?

Wengine watasema haiwezekani kufanya namna nyingine. Inawezekana. Ujerumani, nyongeza ya kazi ya usiku hailipiwi kodi ya mapato hadi 25% ya malipo ya msingi, na kwa saa za katikati ya usiku inaweza kufika 40%. Primu ya hatari huko inalipiwa, tuseme ukweli. Lakini usiku umeheshimiwa.

Tunadai mambo matatu. Waajiri wote wa Bendera na Kalemie waandike kila primu kwenye mstari wake katika buletini, pamoja na CNSS, IPR na idadi ya watu wa familia. Wakaguzi wa kazi waje kukagua buletini za walinzi, tena waje usiku, siyo saa nne ya asubuhi. Na wadeputé wa Tanganyika wapeleke Kinshasa pendekezo la kuachilia primu ya usiku hadi 25% ya msingi, kwa wenye mishahara midogo.

Na wewe unayeingia zamu leo jioni: ulipe kodi yako, lakini ile ya sheria. Buletini yako usiitupe. Tuletee, tuhesabu pamoja. Diploma zetu hazijatupa kazi, basi angalau zifanye hesabu hii.

Sisi vijana wa Bendera.