Vidonge vya mufuko mumoja havilingane

Kati ya wachimbaji wa Beni na Butembo, mwenye kumeza tramadoli tangu miaka atakuambia: mwili umezoea, najua kipimo changu. Kompirime ya kiwanda iliyoandikwa miligramu 50 inazo kweli. Ya bandia, hata ikifanana rangi na alama, haina kipimo.

Prince, mwimbaji wa Amerika, alikuwa amezoea dawa kali za maumivu. Alikufa Aprili 2016: alimeza vidonge vilivyofanana na Vikodini, kumbe ndani mulikuwa fentanili. Hiyo inapita morfini nguvu karibu mara 100, na miligramu 2 tu zinaweza kuua. Mizani ya munuzi wa dhahabu inayosoma sehemu ya mia ya gramu haiwezi kuziona.

Anayevitengeneza kwa kificho anachanganya unga huo na mwingine, bila mashine nzuri. Ninyi munajua muchanga: karai moja tupu, ya pili ina dhahabu. Basi kidonge cha jana kinaweza kuwa hakina kitu, na cha leo, cha mufuko uleule, kina miligramu 3. Hapo ujuzi wa miaka unapima nini?

Mutu akikoroma vibaya, pumzi zikawa chache, midomo ikageuka bluu, musiseme amelala. Mumutikise, asipoamka, mumupulizie pumzi kinywani na mumufikishe hospitali mbio. Naloksoni inarudisha pumzi, lakini nguvu yake inaweza kuisha mbele ya sumu. Hata akiamka, musimurudishe nyumbani palepale.