Ada ya kutoka mapema: hesabu ya nani?

Dada mmoja mwenye ofisi ya kukata tiketi za ndege katikati ya Dar es Salaam alihamia Mbezi Beach akiwa amemaliza mwezi wa 14 wa mkataba wa intaneti wa miezi 24. Kule alikohamia kampuni yake haikuwa na nyaya. Akaandika barua ya kusitisha, akajibiwa kwa ankara ya mstari mmoja: ada ya kusitisha mapema, Sh 4,500,000. Alipopiga simu kuuliza hesabu imetokana na nini, kijana wa huduma kwa wateja alimjibu kwa upole: "Dada, hiyo imetolewa na mfumo."

Mfumo wenyewe haukuumiza kichwa. Ulichukua Sh 450,000 za kila mwezi, ukazidisha mara miezi 10 iliyobaki. Maana yake alipie intaneti yote ambayo hatapewa, na kampuni isitumie chochote kumhudumia.

Tusiionee kampuni, nayo ina hoja. Tuseme kuvuta nyaya hadi ofisini kwake kuligharimu Sh 1,200,000, na ruta Sh 360,000. Siku ya kufungiwa hakutozwa hata senti, kwa kuwa fedha hizo zilitarajiwa kurudi kidogo kidogo katika miezi 24, yaani Sh 65,000 kila mwezi. Akiondoka mwezi wa 14, Sh 650,000 hazijarudi. Tena kampuni inakosa faida ya miezi 10. Lakini inachokosa ni faida, si mapato yote: haitamnunulia tena uwezo wa intaneti, haitamtumia fundi, na ruta ikirudishwa itafungwa kwa mteja mwingine. Tukikadiria faida ya Sh 100,000 kwa mwezi baada ya gharama zote, hasara nzima haizidi Sh 1,650,000. Hiyo ni karibu theluthi moja tu ya ankara.

Hapo ndipo Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inapoingia. Kifungu cha 74 kinasema pale mkataba unapotaja kiasi cha kulipwa ukivunjwa, aliyeumizwa anastahili fidia ya haki isiyozidi kiasi hicho, hata asipothibitisha hasara. Wengi husoma nusu tu ya maneno hayo. Kiasi kilichoandikwa ni dari, na mahakama inaweza kuamuru kilicho chini yake. Kwa maoni yangu, kuzidisha miezi yote iliyobaki bila kutoa gharama zilizookolewa ni adhabu iliyovikwa joho la fidia.

Ila kuna mtego, na wanasheria wa makampuni wanaujua. Kifungu hicho kinahusu mkataba uliovunjwa. Kama mkataba unampa mteja hiari ya kutoka wakati wowote kwa kulipa ada fulani, kampuni itasema hakuna kilichovunjwa. Mteja amenunua tu mlango wa kutokea kwa bei aliyoikubali. Basi kabla ya kubishana, tazama neno lililotumika: "akivunja" au "ana hiari". La kwanza linakupa nguvu zaidi mezani.

Je, ada hujadiliwa? Hujadiliwa sana, hasa kabla ya kusaini, wakati afisa mauzo bado anaitafuta komisheni yake. Hapo omba ada inayopungua kila mwezi, na sharti kwamba ukihamia mahali wasikofika hutozwi zaidi ya gharama za ufungaji ambazo hazijarudi. Ukishasaini, unabaki na mambo mawili. La kwanza ni kumbukumbu za kukatika kwa huduma, zenye tarehe, saa na namba za malalamiko. Kampuni iliyoshindwa mara kwa mara kutimiza kiwango ilichoahidi haina uso wa kudai ada nzima. La pili ni kumpata wa kushika nafasi yako.

Dada wa tiketi alitumia hilo la pili. Aliandika barua kuomba mchanganuo wa zile Sh 4,500,000, akitaja kifungu cha 74, na papo hapo akaeleza kwamba mpangaji mpya wa ofisi aliyoihama, mwenye duka la vifaa vya kompyuta, yuko tayari kuuchukua mkataba kwa miezi 10 iliyobaki. Mchanganuo haukuja hata siku moja. Kilichokuja ni fomu ya kuhamisha mkataba, yenye ada ya Sh 100,000.

Karibu aisaini palepale. Fomu ilieleza kwamba mpangaji mpya atalipa, lakini haikusema popote kwamba yeye ameondolewa kwenye deni; mwenzake angeshindwa kulipa, ankara ingemrudia. Alidai sentensi moja iongezwe, kwamba kuanzia tarehe ya kuhamisha hadaiwi chochote. Kuipata sentensi hiyo kulichukua wiki tatu.