Twiga apigwe ubavu mmoja

Januari 2016, kaskazini mwa Kenya, wananchi waligawiwa kamera wakaenda kuhesabu punda milia wa Grevy kwa siku mbili. Mwaka 2018 zoezi liliporudiwa, twiga nao waliingizwa. Raia wa kawaida anaweza kazi hii, kwa kuwa kila twiga hutambulika pichani kwa mabaka yake, nayo hayabadiliki umbo tangu azaliwe hadi afe. Rangi huweza kukolea, lakini baka lenye pembe tatu begani litabaki na pembe tatu.

Tatizo ni kwamba ubavu wa kulia haufanani na wa kushoto. Twiga aliyepigwa picha kulia Jumamosi, akapigwa kushoto Jumapili, huandikwa kuwa twiga wawili.

Kosa hilo linaonekana dogo mpaka uingie kwenye hesabu. Hakuna anayewaona twiga wote, hivyo idadi hukadiriwa kutokana na wanaoonekana tena. Tuchukue mfano: Jumamosi wametambuliwa twiga 120, Jumapili 100, na kati ya hao 100, 30 ni wale wale wa jana. Zidisha 120 kwa 100, gawanya kwa 30: unapata twiga 400. Sasa tuseme 10 kati ya wale 30 hawakutambulika kwa sababu picha zao za pili ni za kushoto. Unagawanya kwa 20, na jibu linakuwa 600. Twiga 200 wameongezeka bila ndama hata mmoja kuzaliwa, na aliyepaswa kushtuka kwamba wanapungua analala usingizi.

Picha mbaya huleta hasara ile ile. Twiga aliyejificha nusu nyuma ya mgunga, au aliyepigwa kwa mshazari akienda zake, mabaka yake hujikunja na hayalinganishwi na ya jana. Subiri ageuke, ubavu ukukabili wote, shingo, bega na mbavu zionekane. Na saa ya kamera iwe sahihi, maana picha isiyojulikana ni ya siku gani haina kazi.

Yapo pia makosa yanayovuta hesabu chini. Timu zikishinda kwenye barabara moja, zitawapiga wale wale waliozoea magari, na wa bondeni hawataingia popote. Hapo wanaorudiwa huwa wengi mno, na idadi hupungua kwa uongo.

Rai yetu kwa waandaaji wa hesabu hizi ni fupi. Chagueni ubavu wa kulia, kama wanavyofanya watafiti wa twiga wa Tarangire, na muuandike kwenye kila kamera kabla haijatoka. Gawanyeni njia ili kila timu iwe na eneo lake. Na picha ya kushoto ikiletwa, hata iwe nzuri namna gani, isiingie kwenye hesabu.